Damu ya Dada Chupa

Kwenye duka letu la udobi wananiita Polisi, na jina nimelipokea. Nguo haigusi maji kabla haijapita mikononi mwangu. Napekua mifuko, natafuta madoa, nabandika namba kwenye kola, ndipo iende kwenye mashine. Mtu aliyepekua mifuko ya watu muda wote huu hababaishwi na tabasamu. Niliyoyakuta humo nimeyanyamazia, lakini imani yangu kwa binadamu iliisha zamani.

Kwa hiyo siku ile mdogo wake Dada Chupa alipoingia na sweta jipya la sufu, akampa dada yake bila sababu yoyote, kisha akavuta kiti bila kukaribishwa, moyo wangu ulinipiga pa! Nikajisemea, huyu ana lake.

Ngoja kwanza nikueleze Dada Chupa ni nani. Yeye ni mpiga pasi wetu. Meza yake iko pale karibu na boila, mahali ambapo sisi wengine tukikaa kidogo tunatoka jasho kama tumemwagiwa ndoo. Yeye anakaa hapo na sweta, adhuhuri, anapiga pasi huku anaimba. Kando ya pasi kuna chupa kubwa ya maji, na hamalizi saa bila kuigusa. Ndiyo asili ya jina. Ni mdogo wa umbo, macho yake yana umanjano kidogo, na mdomo wake hauna breki.

Dada Chupa ana selimundu. Alinieleza mwenyewe nilipoanza kazi, maana nilikuwa nimeshaanza kumshuku kwamba anatega kazi. Chembe nyekundu za damu ya mtu mwingine ni duara, laini, zinapita popote. Zake zinajikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, zinanasiana kwenye mishipa midogo. Baridi, kiu, uchovu, hata huzuni, chochote kinaweza kuziamsha, na zikiamka ni maumivu ya mifupa ambayo hayana mfano. Ndiyo maana ya joto, ndiyo maana ya maji.

"Walioniambia sitafika miaka ishirini," aliwahi kuniambia, "nimeshawazika wote. Na suti zao za kuzikiwa nimezipiga pasi mimi."

Wazazi wao walikufa wakati huyo mdogo wake yuko shule. Dada Chupa, na mifupa yake hiyo, ndiye aliyemsomesha kwa pasi mpaka akawa mpima ardhi. Sisi tunamwita Mpima. Ni kijana mwenye heshima, anamsalimia dada yake kwa mikono miwili. Lakini sweta? Mwezi ambao hakuna sikukuu wala ugonjwa? Haya.

"Dada," akaanza, huku anaangalia sakafu. "Tuna jambo mimi na mke wangu. Tunahitaji damu yako. Kidogo tu."

Nikaacha kupekua mfuko niliokuwa nao. "Damu ya nini?"

"Polisi, sijakuuliza wewe."

"Sijali. Nakuuliza mimi."

Dada Chupa akacheka, akaweka pasi wima. "Jibu tu, mdogo wangu. Ukimficha huyu atakukagua mpaka soksi."

Akajibu. Yeye na mkewe wote wawili ni wabebaji: kila mmoja ana kinasaba kimoja kizima na kimoja cha selimundu. Wao wenyewe hawaumwi. Lakini kila mimba yao ni bahati nasibu. Mtoto mmoja kati ya wanne anaweza kuchukua vile viwili vibaya, baba kimoja na mama kimoja. Walikuwa hawajui, mpaka walipozaa binti mwenye selimundu. Binti yule alikuja hapa dukani mara nyingi, alikuwa anakaa juu ya mafungu ya mashuka na kunihesabia vifungo. Alikufa kabla hajaanza shule, homa ya usiku mmoja tu. Tangu siku hiyo mkewe hataki kusikia habari ya mimba. Na ukimwambia abebe mimba ipimwe tumboni, halafu ikiwa mbaya itolewe, anakwambia yeye hana moyo wa kuzika mara mbili.

"Sasa kuna kliniki," Mpima akasema. "Wanachukua mayai ya mke wangu, wanayarutubisha nje, yakishakuwa viinitete wanavipima. Vyenye ugonjwa wanaviacha. Kizima wanakirudisha tumboni."

"Ahaa!" nikasema. "Watoto wa oda."

Maana nilikuwa nimeshasikia mitaani. Leo wanaangalia ugonjwa, kesho rangi, keshokutwa pua. Mwishowe mtu ataingia kliniki na picha, anataka mtoto kama huyu, na asipofanana anarudisha. Niliyasema yote hayo, tena kwa sauti. Mpima akanuna. Dada Chupa alikuwa amenyamaza, na yeye akinyamaza mimi huwa naogopa.

"Na damu yangu inaingilia wapi?" akauliza.

"Wanahitaji mtu wa familia mwenye ugonjwa. Wanasema ndiye kipimo. Ili wajue vizima na vibovu."

Neno lile, vibovu, lilianguka katikati ya meza ya pasi na hakuna aliyeliokota. Dada Chupa akanywa maji, akaifunika chupa yake polepole.

"Tutakwenda," akasema. "Mimi na Polisi."

Kliniki ilikuwa ghorofani, kuta nyeupe, na picha za watoto wanono kila kona, wote wanacheka. Hiyo nayo ilinitia wasiwasi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa analia. Tulipokelewa na mwanamke wa makamo anayeitwa mshauri, kazi yake kueleza watu habari za vinasaba. Mpima na mkewe walikuwa wameshafika. Mkewe Mpima ni mwanamke mpole, mrefu kumpita mumewe kwa kichwa kizima.

"Wifi, umekuja," akasema, akamshika Dada Chupa mkono na hakuuachia.

Nilimuuliza yule mshauri kabla hajakaa vizuri. "Kwa nini damu ya huyu? Si mkipime hicho kiinitete chenyewe?"

Hakukasirika. Alichukua kalamu akachora duara. "Kiinitete kikifika siku ya tano kina chembe mia na kitu," akasema. "Kuna kifundo cha ndani, hicho ndicho mtoto. Hatukigusi. Kuna ganda la nje ambalo litakuwa kondo la nyuma. Hapo tunachukua chembe chache, tano, saba hivi. Kiinitete tunakigandisha, kinatusubiri. Zile chembe ndizo zinakwenda maabara. Sasa, ndani ya chembe chache hivyo, vinasaba ni kidogo mno. Wakati mwingine nakala moja haionekani kabisa kwenye kipimo. Kinasaba kibaya kikipotea, mbebaji tutamwita msafi; kizima kikipotea, mbebaji tutamwita mgonjwa. Kosa la namna hiyo hatulitaki."

"Sasa mnafanyaje?"

"Hatutazami kinasaba peke yake. Tunatazama na alama za jirani yake, huku na huku. Hizo hurithiwa pamoja nacho. Lakini kila familia ina alama zake. Huyu baba ana nakala mbili, na sisi hatujui ni ipi iliyobeba selimundu na alama zipi. Dada yake ana selimundu kutoka kwa wazazi walewale. Alama zitakazolingana na za dada ndizo zinazosafiri na ugonjwa. Kwa upande wa mama, tumeshapata damu ya mzazi wake."

Mimi nilikuwa bado nakunja uso, lakini Dada Chupa alikuwa ameshaelewa. "Kama namba ya nguo," akaniambia. "Namba ikibanduka kwenye shati, si unamjua mwenyewe kwa nguo zilizokuja nalo kwenye fungu moja?"

Ni kweli, ndivyo tunavyofanya. Nilichukia kwamba nimeelewa.

Halafu Dada Chupa akamgeukia mshauri. Alikuwa anatabasamu, lakini mimi ninayajua matabasamu yake yote na hilo sikuwahi kuliona. "Kwa hiyo damu yangu itawaonyesha ni kipi kimefanana na mimi. Ili mkiache."

Mkewe Mpima akaanza kulia. Mpima akasema, "Dada, usiseme hivyo." Mshauri hakutazama pembeni. Alisema, "Ndiyo. Ndivyo itakavyofanya kazi."

Angalau hakudanganya. Kwa hilo nilimheshimu.

"Kama mama yetu angekuwa na mashine hii," Dada Chupa akasema, "mimi ningebaki kwenye friji, na wewe mdogo wangu nani angekusomesha?" Chumba kile kilikuwa na kipoza hewa, na nilimwona anavuta sweta jipya hadi shingoni. Kisha akasema, "Nilimshika yule binti mkono usiku ule. Alikuwa ananiuliza, shangazi, na wewe huwa inakuuma hivi? Nilimwambia ndiyo. Sikuwa na kingine cha kumwambia." Akakunja mkono wa sweta. "Chukueni. Lakini kwa selimundu tu. Msitafute mtoto awe mweupe, awe mwanamume, awe nani. Sikubali damu yangu itumike kuchagulia mtu kama kitambaa dukani."

Mshauri akasema kliniki yao haichagui jinsia wala sura. Wanapima huo ugonjwa, na wanahesabu kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba, maana zikizidi au zikipungua mara nyingi mimba hutoka. Basi. Na tena, akanigeukia mimi, hakuna kinachotengenezwa. "Wanachokuwa nacho baba na mama ndicho kilichopo. Sisi hatuongezi kitu. Tunachagua tu miongoni mwa watoto ambao wangeweza kuwapata wenyewe."

"Kuchagua nako ni kutengeneza," nikamwambia. "Ukichagua sana."

Hakubisha. Mpima aliapa mbele ya dada yake: selimundu tu. Sindano ikaingia. Mshipa wa Dada Chupa ulikataa mara mbili, maana mishipa yake imechoshwa na dripu, wa tatu ukakubali. Kichupa kidogo kikajaa.

Baada ya hapo mambo yakaenda taratibu kuliko nilivyotegemea. Nilidhani ni kama kuoka mkate. Kumbe maabara inachukua wiki na wiki kuandaa kipimo cha familia hiyo tu. Ndipo mkewe Mpima akaanza sindano za homoni, kila jioni anajichoma mwenyewe tumboni, ili mayai yakomae mengi kwa mpigo. Alivimba, alikuwa analia ovyo, siku nyingine anakuja dukani kukaa na wifi yake pale kwenye joto bila kusema neno. Kisha wakamlaza usingizi wakayatoa mayai kwa sindano. Kila yai lililokomaa likadungwa mbegu moja ya mumewe. Mengi tu mwanzoni. Lakini kila siku simu ikilia yamepungua: mengine hayakushika, mengine yameacha kukua. Siku ya tano na ya sita vikabaki viinitete vinne.

"Hao watoto wa oda wako, Polisi," Dada Chupa akaniambia, "mbona oda yenyewe inapungua kila siku?" Nikamwambia anyamaze apige pasi.

Majibu ya vile vinne yalipokuja, kimoja kilikuwa na kromosomu iliyozidi, hakiwezi kuwa mimba ya maana. Kimoja kilikuwa na selimundu. Viwili vilikuwa salama: mmoja mbebaji kama wazazi wake, hataumwa, na mmoja hana kabisa. Mkewe Mpima alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nami nilifurahi, nakiri, ingawa nilifurahi kwa jicho moja.

Wiki hiyohiyo boila letu likaharibika. Mvua inanyesha, duka baridi, nguo zimejaa, na Dada Chupa hasikii la mtu. Nilimwambia nenda nyumbani. Akasema mashuka ya hoteli hayajipigi pasi. Mchana akaniambia mgongo unamwuma kidogo. Kabla ya jioni alikuwa chini kwenye sakafu, ameng'ata kanga ya mtu ili asipige kelele. Tulimbeba mimi na dereva wetu.

Hospitali nilimkuta kesho yake na dripu mkono mmoja, oksijeni puani, dawa kali ya maumivu inaingia na bado anauma meno. Uso umekuwa mdogo kama wa mtoto. Mkewe Mpima alikuwa anamkanda miguu. Mpima alisimama upande wa kichwa, anapepesuka huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alitaka kumchangamsha. Ndilo lililomponza.

"Dada, jikaze," akasema. "Wiki mbili zijazo wanampandikiza yule mrefu. Utakuwa shangazi tena."

Mimi nilikuwa namenya chungwa. Kisu kikasimama chenyewe.

"Mrefu nani?" nikauliza.

"Ah, yule... kiinitete."

"Kiinitete kina chembe mia. Hakionekani hata kwa macho. Wewe urefu wake umeupimia wapi?"

Nilidhani mkewe atamtetea. Lakini mkewe alikuwa ameacha kukanda miguu, ametoa macho. "Baba," akasema polepole, "mrefu nani?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijua tangu lile sweta! Akaanza kujiumauma, lakini mke hakumwachia, na ukweli ukatoka vipande vipande. Kliniki haikufanya. Ni yeye. Aliomba kliniki impe data zote za vipimo, maana ni haki ya wazazi. Akazituma kwa kampuni moja ya mtandaoni, huko mbali. Wao wanachukua alama maelfu kwa maelfu za vinasaba, wanazijumlisha, wanakupa makadirio: huyu atakuwa mrefu kiasi gani, huyu akili zake zitakuwaje. Kati ya vile viwili salama, yule mbebaji ameongoza kwa urefu. Kwa akili pia kidogo. Kwa hiyo alishamchagua, na alikuwa anajiandaa kumwambia daktari kwamba wazazi wameamua.

"Wazazi?" mkewe akasema. "Mimi ni nani, mfuko wa kubebea?"

"Nilitaka kukuambia."

"Uliapa," nikamwambia. "Mbele ya mshipa uliotobolewa mara tatu, uliapa."

Hapo Mpima akapandisha. "Nyinyi hamjui! Tangu shule mimi naitwa Kigingi. Kazini nashika kigingi, na wao wananiita Kigingi, mpaka wateja. Nasimama na mke wangu watu wanacheka. Kama ningeweza kumwepusha mwanangu na hilo, kosa langu ni lipi? Mmekubali kumwepusha na ugonjwa. Hili nalo si kumwepusha?"

Naomba niseme kweli, sikuwa na jibu. Nilikuwa na hasira tu, na hasira si jibu. Ni Dada Chupa aliyefungua macho. Sauti yake ilikuwa inatoka kwa vipande kwa sababu ya maumivu, na sote tuliinama ili tumsikie.

"Mdogo wangu. Ufupi unalaza mtu hospitali?"

Mpima akatazama dripu.

"Nijibu. Kitanda hiki, kuna mtu amelazwa ufupi humu wodini?"

"Hapana, Dada."

"Nilitoa damu yangu ili mwanao asilale hapa nilipolala mimi. Sikuitoa ili asifanane na wewe." Akapumzika kidogo, wimbi la maumivu likampita, mkono wake umeng'ang'ania chuma cha kitanda. "Mimi nimekulea hivyo ulivyo. Nilikuona umepungua wapi?"

Mpima akakaa chini. Sakafuni kabisa, pale kwenye malapa ya wagonjwa, akaweka kichwa kwenye ukingo wa godoro. Analia, mtu mzima. Nesi akaja akatufukuza, akasema mgonjwa hatakiwi kusikitishwa. Hapo alikuwa na haki.

Siku ya miadi ya kliniki Dada Chupa alikuwa bado hawezi kusimama, akanituma mimi. "Nenda ukawatolee macho," akasema. Sikuhitaji kusukumwa.

Mshauri aliposikia habari ya kampuni alishusha pumzi. Alimwambia Mpima amsomee makadirio. Tofauti ya urefu kati ya wale wawili ilikuwa sentimita mbili. "Na pale pembeni," akauliza, "wameandika wanaweza kukosea kwa kiasi gani?"

Mpima akatafuta kwenye simu yake. "Sentimita kama kumi," akasema. "Juu au chini."

"Na hesabu yenyewe imetokana na watu wa huko mbali. Kwa watu wa asili nyingine inabahatisha zaidi. Ya akili ndiyo usiseme. Hawa ni ndugu, baba mmoja mama mmoja, tofauti zao ni ndogo tangu mwanzo."

Nilimwona Mpima masikio yanamwiva. Yeye ni mpima. Anajua kwamba mpaka wa shamba ukipimwa kwa kamba inayokosea kuliko upana wa shamba lenyewe, umeuza upepo. Alikuwa anajua siku zote, ila alitaka kuamini.

Lakini mimi sikutaka aponyokee hapo. Nikamuuliza mshauri, "Je, siku kipimo hicho kikiwa hakikosei? Hapo itakuwa sawa?"

Alichezea kalamu yake. "Hilo si swali la maabara," akasema. "Mimi mwenyewe linaninyima raha. Mstari upo, ila kila anayekuja hapa anaomba tuusogeze kidogo tu."

Basi nikajua sikuwa mwendawazimu. Hofu yangu ilikuwa ya kweli, nilikosea tu kwa kumshuku kila mtu kwa pamoja.

Mkewe Mpima akavuta kiti chake mbele. Sasa akasema, "Wale wawili hawaumwi. Kwangu inatosha. Mwangalizi wa maabara achukue kinachoonekana kina nguvu kwenye hadubini, kama mnavyofanya siku zote. Asituambie ni kipi. Na wewe," akamgeukia mumewe, "futa hayo mambo kwenye simu, hapa hapa, Polisi anaona." Akafuta. Nilisimama nyuma ya bega lake mpaka yakaisha.

Ikabaki swali moja. Mshauri aliuliza kwa sauti ya chini wangependa kile chenye selimundu kifanyweje. Kinaweza kuachwa kiyeyuke, kinaweza kutolewa kwa utafiti, kinaweza kukaa kwenye baridi. Mkewe Mpima akasema hatajibu bila wifi yake.

Jioni ile wodini alimwuliza. Alipiga magoti kabisa. Mpima alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

Dada Chupa alitazama dari. Dripu inadondoka. Nilitamani mtu aniambie nitoke, lakini hakuna aliyeniambia.

"Mimi nimefurahi kuzaliwa," akasema mwisho. "Jueni hivyo. Nimecheka sana humu duniani. Lakini siwezi kumtuma mtu njia hii kwa makusudi, huku naijua. Mwacheni aende." Kisha akamtafuta mdogo wake kwa macho hadi akampata pale mlangoni. "Ila usimwite mbovu. Umesikia? Huyo ndiye aliyefanana na mimi."

"Nimesikia, Dada," Mpima akasema.

Mimba ilishika. Daktari alishauri ipimwe tena tumboni, maana hakuna kipimo cha asilimia mia, ila mkewe Mpima alikataa sindano, akasema atasubiri. Mtoto alipozaliwa walimpima damu mara moja, hana ugonjwa. Ni msichana. Kama ni yule mbebaji au ni yule mwingine, walimwomba daktari asiseme mpaka akue aulize mwenyewe. Sasa anatembea, anakimbia, anavuta mashuka yangu yote chini. Mimi bado namchunguza Mpima. Nikimwona anamsimamisha mtoto mlangoni ampime kimo, nakohoa, naye anajifanya anamfunga kiatu.

Juzi mvua ilitukuta wote dukani. Mvua kubwa, ya baridi, ile ambayo Dada Chupa akiisikia tu anaongeza sweta la pili. Mlango ulikuwa wazi, na yule mtoto akachomoka. Tulipogeuka yuko nje peku, katikati ya dimbwi, anapiga maji kwa mikono, anapiga mayowe ya furaha, nguo zimemganda mwilini.

Mpima aliruka kama aliyechomwa. Sijui alikuwa anamwona mtoto yupi. Alikuwa ameshachukua taulo, ameshafika mlangoni, uso umempauka kwa woga, pale Dada Chupa alipomshika shati kwa nyuma. Mkono mmoja shati, mkono mmoja chupa yake. Ameegemea boila, hawezi hata kusogea dirishani kwa ile baridi, ila anaangalia nje bila kupepesa.

"Mwache," akasema. "Mwache alowe."